Mkopo wa nne: jinsi ya kumwandikia rafiki kwamba hutampa

Wasomaji kadhaa wa hapa Mombasa wamenitumia nakala za ujumbe waliowaandikia rafiki zao kuwanyima mkopo, wakitaka kujua kwa nini haukushika. Ukiusoma, ujumbe wenyewe una adabu zake: una salamu, una pole, una dua. Lakini wiki tatu baadaye rafiki karudi kuomba tena, au pesa zimeshatumwa. Nikiuliza kama walisoma mazungumzo ya nyuma kabla ya kuandika, jibu huwa ni lile lile. Hawakusoma, kwa kuwa mambo wanayakumbuka.

Mwongozo huu ni wa hali moja tu. Ni rafiki wa kweli, si tapeli. Umeshamkopesha mara tatu kwa maneno ya WhatsApp na pesa za M-Pesa, na sasa anaomba mara ya nne. Nawe umeamua hutampa. Kama bado hujaamua, usiandike leo, maana kusitasita kwako kutaonekana katika kila sentensi na yeye anakujua vizuri kuliko unavyodhani.

Nitafuata kisa cha msomaji mmoja wa Kisauni, muuza vipuri, aliyekubali nikitumie. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Rafiki yake ni dereva wa tuktuk, walisoma madrasa moja, na mpaka leo wanaitana "sahibu".

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye mazungumzo yenu yote. Kama ulikuwa umewasha ujumbe unaojifuta, utategemea kumbukumbu za M-Pesa peke yake.
- Ujumbe wa M-Pesa wa kila pesa iliyotoka na iliyorudi. Kama uliufuta, omba taarifa ya miezi husika kupitia programu ya M-Pesa.
- Karatasi na kalamu. Usiandike hesabu hii kwenye simu, nitaeleza.
- Vipokea sauti vya masikioni.
- Saa moja ya utulivu, si kwenye matatu.

## Hatua ya 1: Mwambie umeona, basi

Ukikaa kimya siku mbili na tiki zimeshageuka buluu, atapiga. Na kwenye simu ndipo watu wengi huanguka. Kwa hiyo mwandikie mapema sentensi moja: "Sahibu, nimeuona ujumbe wako. Nitakujibu kesho asubuhi."

Usiandike "ngoja niangalie". Kwa Kiswahili chetu cha mjini hiyo ni nusu ya ndiyo. Atakwenda gereji kumwambia fundi kuwa pesa ziko njiani, na kesho utakuwa humnyimi tu, utakuwa umemwaibisha mbele ya fundi.

Utajua hatua hii imefaulu akijibu "sawa" na asipige simu usiku ule.

## Hatua ya 2: Soma mazungumzo tangu mkopo wa kwanza

Fungua mazungumzo yenu, gusa nukta tatu za juu, ingia sehemu ya kutafuta, kisha andika maneno anayotumia yeye: "nitarudisha", "Ijumaa", "mwisho wa mwezi", "niokoe". Kila neno litakupeleka kwenye ahadi. Ukiipata, soma ujumbe kumi kabla yake na kumi baada yake, kwa sababu ahadi bila mazingira yake hudanganya.

Ujumbe wa sauti hautafutiki kwa maneno, na ahadi nyingi za mkopo wa pili na wa tatu zimo humo. Mtu akianza kuona haya huacha kuandika. Vaa vipokea sauti, usikilize wote. Inachosha, lakini usiruke.

Kwenye karatasi chora safu nne: tarehe, kiasi, ahadi kwa maneno yake mwenyewe, na kilichorudi. Ya msomaji wangu ilikuwa hivi:

3 Februari, 3,000, tairi ya tuktuk. "Ijumaa hii, wallahi." Ilirudi yote, baada ya wiki tatu.

24 Aprili, 5,000, ada ya shule. "Mwisho wa mwezi ujao." Zilirudi 2,000.

20 Juni, 8,000, kodi ya nyumba. "Nikipokea mchezo." Haikurudi hata shilingi.

9 Septemba, anaomba 10,000, injini imefunguliwa gereji. "Ikitoka tu, ndani ya wiki mbili nakupa zote, 21 mzima."

Jumla iliyotoka ni 16,000, iliyorudi ni 5,000, iliyobaki ni 11,000. Kabla ya kusoma, msomaji wangu aliniapia kuwa anadai "kama elfu ishirini" na kwamba "hajawahi kunirudishia". Yote mawili si kweli. Lau angeandika kwa kumbukumbu, rafiki yake angemrushia picha ya ule ujumbe wa M-Pesa wa 3,000, na kuanzia hapo mazungumzo yangekuwa ya nani mwongo.

Sasa iangalie safu ya tatu, ile ya ahadi. Kwanza kulikuwa na siku, Ijumaa. Halafu ikawa mwezi. Halafu ikawa tukio lisilo mikononi mwake, mchezo, ambao zamu yake hata hakuitaja. Ahadi inazidi kulegea kadiri kiasi kinavyopanda. Na ya nne imefanya jambo ambalo nimeliona katika karibu kila mazungumzo niliyoletewa: imelifunga deni la zamani ndani ya mkopo mpya. Maana yake, ukitaka 11,000 yako, toa 10,000 kwanza. Sidhani kwamba alipanga kukutega. Mtu aliyebanwa huandika hivyo kwa sababu anaiamini ile injini. Lakini ukishaliona fundo hilo kwenye karatasi yako, halitakukamata tena.

Kuna jambo moja zaidi la kutafuta, nalo linauma: maneno yako mwenyewe. Msomaji wangu aliyakuta ya tarehe 12 Julai. Rafiki alikuwa ameandika kwamba mchezo umechelewa, naye akamjibu, "Usijali sahibu, chukua muda wako." Alikuwa ameyasahau kabisa. Miezi miwili alikuwa akinung'unika moyoni juu ya mtu aliyemruhusu mwenyewe kuchelewa. Baada ya kuyasoma maneno hayo, ule ujumbe mkali aliokuwa ameshauandika aliufuta.

Tahadhari: usimtumie hesabu hii, wala picha za ahadi zake. Ndiyo sababu nikasema karatasi. Kilicho kwenye simu hukuwasha mkono. Mtu akiletewa maneno yake ya Februari huona amefunguliwa jalada, na atajitetea badala ya kusikia jibu.

Umefaulu ukiweza kusema namba mbili bila kuangalia, kilichorudi na kilichobaki, na hasira yako ikiwa imepungua kidogo. Ikiwa imeongezeka, lala kwanza.

## Hatua ya 3: Amua la deni la zamani kabla ya kuandika

Ukiandika bila kuamua hili, deni litajipenyeza kwenye ujumbe kama kinyongo. Una njia tatu: kumsamehe, kumpa muhula, au kumdai kwa tarehe.

Kwa wale wanaoona kwamba dini inawabana: aya ya 280 ya Suratul Baqara yataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate nafuu, na kumwachia kuwa sadaka ni bora zaidi. Hayo ni ya deni lililopo. Kumpa muhula wa 11,000 ni jambo moja, kumwongezea 10,000 ni jingine, na kulifanya la kwanza hakukulazimishi la pili. Aya ya 282 inayofuata karibu, ile ndefu kupita zote, ndiyo inayotaka deni liandikwe. Hapo wengi wetu tumeshachelewa.

Ushauri wangu kwa ujumbe wa kukatalia: usidai tarehe. Ukimuuliza "lini basi utanilipa?" atakupa tarehe, hana la kufanya, nawe utakuwa umeongeza ahadi ya tano kwenye karatasi. Wala usimsamehe ndani ya ujumbe huo huo. Msamaha unaokuja pamoja na hapana husikika kama malipo ya kumnyamazisha. Ukitaka kusamehe, ngoja wiki kadhaa, umwambie uso kwa uso.

Msomaji wangu alichagua muhula: deni lipo, leo haliulizwi.

## Hatua ya 4: Andika ujumbe, nje ya WhatsApp

Andika kwenye daftari la simu. Ukiandika palepale kwenye mazungumzo, yeye kule anaona "anaandika" ikitokea na kupotea, ikitokea na kupotea, dakika ishirini. Kabla hujatuma ameshajua unatafuta maneno ya kumkwepa.

Ujumbe una sehemu tano fupi, kwa mpangilio huu.

Salamu ya kila siku. Ile ile mnayotumia. Kama humwiti "ndugu yangu mpendwa" siku nyingine, usianze leo. Mstari wa kwanza ndio unaoonekana juu ya skrini kabla hajafungua, kwa hiyo hapana isikae hapo, wala lile "nimefikiria sana", ambalo kila mtu anajua linaishia wapi.

Shida yake, itajwe kwa jina. "Pole kwa matatizo" ni ya watu wote. "Pole kwa tuktuk kukaa gereji" ni yake. Sentensi hii inamwonyesha kwamba ombi lake ulilisoma.

Hapana, pamoja na kiasi. Hapa pana suala la kitenzi. "Sikukopeshi" ni kofi. "Sina" ni uongo wa adabu ambao Mombasa haufichiki: mji ni mdogo, mtu atakuona Marikiti umebeba mifuko, au ataona statasi ya biriani yako. Tena "sina" ina tarehe ya kuisha, kwa kuwa mshahara ukiingia unayo. Mimi hutumia "sitaweza kukukopesha". Ni laini na kila mtu anaielewa. Ugumu wake unautia kwenye sentensi inayofuata.

Mlango wa wakati, ufungwe. Sentensi hii ndiyo inayokosekana katika takriban kila ujumbe niliotumiwa: "hata mwisho wa mwezi jibu litakuwa hili hili." Unaweza kuwa laini katika kitenzi ukiwa imara katika wakati. Ukiwa laini kote kuwili, umemwambia aje tarehe 30.

Nililipia somo hili mwenyewe. Nilimwandikia rafiki yangu, "kwa sasa siwezi, dada." Tarehe 30 ikanikuta kwenye feri ya Likoni, nimesimama katikati ya watu na mzigo, simu ikalia. "Dada, ulisema kwa sasa. Na sasa je?" Honi zinapigwa, mama mmoja ananitazama. Nikasema sawa. Nilituma kabla hatujateremka upande wa pili.

Deni na urafiki, sentensi moja moja. Deni litajwe kwa namba sahihi, bila tarehe. Urafiki utajwe kwa jambo linalofanyika, si kwa "tuendelee kuwa marafiki", maneno ambayo husemwa na wanaoachana.

Ujumbe wa msomaji wangu, baada ya kuandikwa mara nne, ulikuwa huu:

> Asalaam aleikum sahibu. Pole kwa tuktuk kukaa gereji, najua siku moja bila kazi ni nini kwako. Hii elfu kumi sitaweza kukukopesha, na sitaki nikuambie ungoje, kwa sababu hata mwisho wa mwezi jibu litakuwa hili hili. Nikikupa nyingine naogopa tutaanza kukwepana njiani, na mimi sipendi hivyo. Ile 11,000 iliyobaki nilikuambia uchukue muda wako, na sijageuza neno. Jumapili jioni niko nyumbani, pita tunywe kahawa.

Tazama alivyoyatumia maneno yake ya Julai. Angeyaficha, rafiki angemkumbusha. Kwa kuyataja mwenyewe ameonyesha kwamba amesoma, na kwamba yeye neno lake hulishika. Zaidi ya hapo hakusema kitu, na mimi nilimzuia asiongeze.

## Hatua ya 5: Futa maneno yanayofungua mlango

Soma ujumbe ukitafuta maneno haya, uyaondoe: "kwa sasa", "labda", "nitajaribu", na "inshallah" inapokuja badala ya jibu. Usimtie mke au mume: "mama watoto hataki" humfanya mwenzako adui wa kudumu wa rafiki yako, na huyo ndiye atakayempikia kahawa Jumapili.

Ondoa sababu za pesa zako pia. Ukisema umelipa karo, atakuuliza kama 5,000 haitakosekana. Kila sababu ya matumizi ni mwaliko wa kushuka bei.

Na tafadhali usitie methali. "Kukopa harusi, kulipa matanga" ni kweli, lakini ukimtumia mtu aliyebanwa ni kijembe. Vivyo hivyo kuweka statasi ya mafumbo baada ya kutuma, au picha ya leso yenye maneno. Pwani hatuhitaji maelezo, mtaa mzima utasoma na kujua unamsema nani.

## Hatua ya 6: Tuma asubuhi, kwa mkupuo mmoja

Tuma asubuhi, siku uliyoahidi. Hapana ya saa mbili asubuhi inamwachia siku nzima ya kutafuta kwingine: kwa mwenye tuktuk, kwa chama, au kuongea na fundi alipwe kidogo kidogo. Hapana ya saa nne usiku inamlaza nayo.

Tuma maandishi, si sauti. Sauti ina kuhema na kusitasita, na yeye atasikiliza hizo kuliko maneno. Utume kipande kimoja pia. Ukiukatakata vipande vitano, ataanza kujibu pole kabla hapana haijafika, na ile hapana itashindwa kutoka.

Ukigundua umekosea namba, WhatsApp inakuruhusu kuhariri ndani ya dakika 15. Hariri kosa la namba tu. Usifute ujumbe wote na kuuandika upya, maana alama ya ujumbe uliofutwa humfanya mtu awaze mabaya kuliko uliyoandika.

## Hatua ya 7: Jibu lake, na lako la pili

Kinachokuja mara nyingi ni kushuka: "Basi hata elfu mbili." Hapo ndipo kazi yote huharibika, kwa kuwa elfu mbili inaonekana ndogo na wewe umechoka kuwa mtu mbaya. Lakini ukitoa 2,000, umemfundisha kwamba hapana yako ni bei ya kuanzia. Jibu kwa sentensi ile ile, fupi zaidi: "Hata hiyo sitaweza, sahibu. Jumapili usikose." Usilete sababu mpya.

Akikasirika, usijitetee siku hiyo. Akimtuma mtu, tuseme mama yake au rafiki yenu wa tatu, msikilize kwa heshima na umwambie, "Tumeshaongea, mama, tumeelewana." Usimsomee hesabu. Ile karatasi si ya mama yake.

Hali moja ndiyo inayovunja mpangilio huu: mgonjwa hospitalini. Hapo usikopeshe, saidia. Uliza namba ya malipo ya hospitali, tuma moja kwa moja kiasi unachoweza kukisahau, na umwambie si deni. Ukikiita mkopo unarudi kwenye ile safu ya nne.

Dalili kwamba ujumbe umeshika si kwamba amefurahi. Ni kwamba jibu lake halina neno "lini". Akiuliza "na tarehe 5 je?", rudi Hatua ya 4, kuna sentensi umeiacha wazi.

Rafiki wa msomaji wangu alikaa saa mbili bila kujibu, kisha akaandika, "Poa sahibu. Nimekuelewa." Jumapili hakutokea. Alikuja Jumanne magharibi, bila kubisha, na mahamri kwenye gazeti, wakaongea mpira mpaka kahawa ikaisha. Tuktuk ilikuwa bado gereji. Usiku huo msomaji wangu aliniandikia kuuliza kama angegusia ile 11,000 wakati wa kumsindikiza. Nikamwambia hapana, na karatasi aiweke kabatini.